"Sampuli ndogo, ongeza": maneno yaliyokaribia kumrudisha mwanafunzi kijijini

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya kilimo alikuwa ametetea tasnifu yake kuhusu uhifadhi wa mahindi. Mambo machache nimeyabadilisha ili asitambulike, ila mkasa ni ule ule. Jopo lilikuwa na watu watatu: mwenyekiti, mtahini wa ndani, na mtahini wa nje aliyekuwa mkoa mwingine na kushiriki kwa Zoom. Mimi nilikuwa katibu. Kazi yangu ilikuwa kumpa mwanafunzi, ndani ya siku tano, muhtasari wa ukurasa mmoja: yapi amefanya vizuri na yapi arekebishe. Mezani nilikuwa na rekodi ya dakika 58, slaidi zake 22, na fomu mbili za maoni zilizojazwa kwa mkono, moja ikiwa imepigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp.

Fomu zenyewe zilikuwa fupi. Mtahini wa ndani aliandika: "Uwasilishaji mzuri kwa ujumla. Matokeo hayakuelezwa vizuri. Slaidi zina maneno mengi. Ajiamini zaidi." Wa nje aliandika: "Mada nzuri. Sampuli ndogo, ongeza. Mjadala wa haraka haraka. Hitimisho limepita kiasi."

Nikiri kwamba rasimu yangu ya kwanza ilinichukua nusu saa. Nilichora safu mbili, nikahamishia huku "mada nzuri" na "uwasilishaji mzuri kwa ujumla", kule yote yaliyobaki, nikapanga lugha. Ilipendeza macho. Nilikuwa karibu kuituma ndipo nikagonga mwamba kwenye yale maneno "sampuli ndogo, ongeza".

Mwanafunzi huyu alilinganisha mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje, na viroba vya kawaida. Alifuatilia mahindi kwa miezi sita tangu mavuno, akipima upotevu wa uzito. Ukimwambia aongeze sampuli, unamwambia asubiri mavuno mengine, atafute kaya nyingine, anunue mifuko, kisha akae miezi sita akipima. Huo ni mwaka mzima. Ilhali uamuzi wa jopo, ambao mwenyekiti aliusoma mbele yake, ulikuwa "amefaulu kwa marekebisho madogo", na muda aliopewa ni mwezi mmoja. Mambo hayo mawili hayakai pamoja. Ama uamuzi ulikosewa, ama maneno ya kwenye fomu hayamaanishi yanachosema. Ukiona maoni yanayodai kazi isiyoingia ndani ya muda wa uamuzi, usiyanakili. Rudi kwenye rekodi.

Namna nilivyosikiliza

Sikuandika kila neno. Dakika 58 ukizinukuu zote zinakula siku nzima, na mwisho unabaki na kurasa ishirini zinazohitaji muhtasari wake. Mara ya kwanza niliiacha rekodi iende bila kuisimamisha hadi mwanafunzi alipotolewa nje, slaidi zikiwa wazi pembeni, nikiandika tu saa ambayo kila sehemu ilianza. Mara ya pili nilisikiliza maswali na majibu peke yake, nikisimamisha na kurudia.

Utetezi uliendeshwa kwa Kiingereza, kama ilivyo ada vyuoni kwetu. Maneno ninayoyanukuu hapa nimeyaweka kwa Kiswahili.

Saa zilizoandikwa zilinifungua macho kuliko nilivyotegemea. Mwanafunzi alipewa dakika 20. Usuli wa tatizo na mapitio ya machapisho vilikula dakika 11 na sekunde 20, slaidi tisa nzima. Mbinu za utafiti zilichukua karibu dakika tano. Alipofika kwenye matokeo saa ilisoma 16:10, na sekunde chache baadaye mwenyekiti akamkumbusha: "Dakika nne zimebaki." Matokeo yote, slaidi sita, yalipita ndani ya dakika tatu na sekunde arobaini. Hitimisho lilipewa dakika moja na ushei, akamaliza 21:05.

Sasa rudi kwenye fomu. "Matokeo hayakuelezwa vizuri." "Mjadala wa haraka haraka." "Ajiamini zaidi." Nilikuwa nimeyaorodhesha kama makosa matatu. Rekodi inaonyesha ni kosa moja. Kabla ya kukumbushwa muda, sauti yake imetulia. Anasimama mwisho wa sentensi na kuwatazamisha watu kwenye slaidi. Baada ya kukumbushwa anaanza kukimbia, anameza maneno, na ndani ya dakika tano zilizofuata anasema "samahani" mara saba. Mtahini aliyekuwa ukumbini alimwona binti aliyetetemeka akaandika kujiamini. Hakukosea alichokiona. Ila ukimwambia mtu "jiamini" hujampa la kufanya kesho asubuhi. Ukimwambia "slaidi zako tisa za usuli zipunguze ziwe tatu, uanze matokeo kabla ya dakika ya tisa", umempa.

Fomu inataja palipouma, na rekodi ndiyo inayoonyesha alipojikwaa. Kwa hiyo nikajiwekea kanuni: sentensi yoyote ya muhtasari lazima niweze kuionyeshea dakika yake. Isiyo na dakika naiacha, au nauliza.

"Uwasilishaji mzuri kwa ujumla" haikuwa na dakika. Niliiacha.

Dakika ya 26

Swali la sampuli liliulizwa 26:38. Mtahini wa nje anasikika akisema, "Hii mifuko mitatu ya…" kisha mtandao unakatika. Ni kimya cha sekunde nne hivi. Sauti inarudi na "…inajitegemea?" Mwanafunzi anajibu papo hapo: "Ndiyo. Kila mfuko niliupima peke yake, sikuchanganya." Mtahini anasema "Sawa", kwa sauti ya mtu ambaye si sawa, kisha baada ya kitambo anaongeza, "Basi sampuli yako ni ndogo kuliko unavyodhani." Mwenyekiti anampa zamu mwingine.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ufunguo. Hakusema sampuli ni ndogo. Alisema ni ndogo kuliko *unavyodhani*.

Utafiti ulikuwa na kaya 24 kutoka vijiji viwili. Kaya 12 zilipewa mifuko ya kinga njaa na 12 zikatumia viroba, kila kaya mifuko mitatu. Kwa hiyo mifuko ilikuwa 72, na kwenye majedwali yake yote mwanafunzi aliandika sampuli ni 72. Hapo ndipo penye tatizo. Mifuko mitatu iliyo chini ya paa moja ni kama watoto wa mama mmoja. Mahindi yametoka shamba lile lile, yalianikwa kwenye turubai lile lile, yanafunguliwa na mkono ule ule, na panya wa nyumba ile hawabagui. Mfuko mmoja ukiharibika, wenzake nao wako hatarini kwa sababu zile zile. Ukiuliza watoto watatu wa nyumba moja walikula nini jana, hujauliza nyumba tatu. Aliyepewa mfuko wa kinga njaa au kiroba ni kaya, si mfuko mmoja mmoja. Basi kinachohesabiwa ni kaya, na sampuli ni 24.

Kosa hili lina madhara ya aina moja: linafanya tofauti ndogo ionekane ya uhakika. Hesabu inaamini ina ushahidi mara tatu ya ulio nao, inapunguza shaka, na kitu ambacho kingeweza kutokea kwa bahati tu kinapewa nyota ya uhakika kwenye jedwali.

Dawa yake haihitaji hindi hata moja zaidi. Unachukua wastani wa mifuko mitatu ya kila kaya, unabaki na namba 24, unarudia jaribio la takwimu. Au unatumia modeli inayoitambua kaya kama kundi. Kwa mwanafunzi mwenye faili lake la data tayari, njia ya wastani ni kazi ya jioni moja, na kuandika upya sura ya matokeo ni wiki moja au mbili. Sasa "marekebisho madogo" yakaanza kuleta maana.

Lakini hiyo ilikuwa tafsiri yangu. Zile sekunde nne zilizomezwa na mtandao sikuzisikia mimi, wala yeyote aliyekuwa ukumbini, na hakuna rekodi inayorudisha kisichofika. Nilikuwa na uhakika wa kama tisa kwa kumi, na moja hiyo iliyobaki ilikuwa mwaka wa mtu. Katibu wa jopo hana mamlaka ya kuamua mtahini alimaanisha nini. Nikamwandikia, nikipitia kwa mwenyekiti: "Shikamoo Profesa. Kwenye fomu umeandika sampuli ndogo, ongeza. Je, unataka kaya zaidi, au unataka uchambuzi urudiwe kwa kuhesabu kaya 24 badala ya mifuko 72?" Jibu lilikuja jioni: "La pili. Kaya zaidi ingekuwa vizuri lakini si kwa tasnifu hii. Aseme tu kwenye mipaka ya utafiti."

Angalia namna swali lilivyoulizwa. Sikumwuliza "ulimaanisha nini?", maana hapo angeniandikia fumbo jingine. Nilimpa njia mbili, kila moja na gharama yake ikionekana, achague.

Nina jambo la pembeni hapa. Rekodi ilikuwa ndefu kuliko kikao chenyewe. Mwanafunzi alitolewa nje 44:30 na kuitwa tena 55:10, na katikati jopo lilijadili huku aliyepaswa kusimamisha Zoom amesahau. Huenda mtahini alilifafanua hilo la sampuli humo humo; sikusikiliza. Majadiliano yale si ya mwanafunzi na si malighafi ya muhtasari. Linalotoka humo kihalali ni uamuzi uliosomwa na kilichoandikwa kwenye fomu. Nilimwomba mwenyekiti kipande kile kikatwe kabla rekodi haijawekwa pamoja na nyaraka za mwanafunzi. Ukikuta rekodi ya utetezi, kwanza tafuta dakika mlango ulipofungwa.

Sifa ambayo hakuna aliyeiandika

Watahini wanalipwa kutafuta kasoro, kwa hiyo upande wa mazuri fomu huwa kavu. Hapo kwenye kavu ndipo makatibu wengi, nami nikiwemo, hujaza maneno ya adabu. Safari hii nilizitafuta sifa kwenye rekodi kama nilivyozitafuta kasoro.

Ipo moja, 33:12. Mtahini wa ndani anauliza kuhusu dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima sehemu nyingi humwita skania. Mdudu huyu anatoboa nailoni. Mfuko wa kinga njaa unafanya kazi kwa kuzuia hewa: wadudu walio ndani wanaimaliza oksijeni na hawapati nyingine. Tundu moja likiwepo, hewa inaingia, na mfuko wa bei unageuka kiroba. Mtahini anauliza: utajuaje kwamba mifuko yako ilikuwa mizima?

Sauti ya mwanafunzi inabadilika. Hakuna "samahani" hata moja. Anasema kabla ya kupakia kila nailoni aliijaza hewa, akaikaba shingo, akaibana taratibu huku ameiweka karibu na sikio, na iliyovuja aliiweka kando. Miezi sita ilipoisha alirudia, kisha akamulika tochi ya simu kutokea ndani, chumba kikiwa giza, kuhesabu matundu. Anaeleza kwamba matundu mengi yalikuwa kwenye nailoni ya ndani na machache tu yalivuka hadi ya pili. Jibu zima ni dakika moja na sekunde ishirini. Ukimya unafuata. Ndipo mtahini wa nje anauliza: "Hili mbona halimo kwenye tasnifu?"

Kweli halimo. Nilifungua sura ya tatu, hakuna hata sentensi. Kumbe mwanafunzi aliliona jambo la kawaida, la mikono, lisilostahili kuandikwa kitaalamu. Na kwa kuwa halikuandikwa kwenye fomu pia, lingepotea mara mbili. Hili likaingia pande zote mbili za muhtasari: kwenye mazuri, kwa namna alivyojibu, kwenye ya kurekebisha, kwa sababu mtahini aliuliza kwa mdomo, na mwenyekiti alikubali kwamba swali lile lihesabiwe.

Jambo la slaidi lilikuwa jepesi. Zenye maneno mengi ni zile tisa za usuli. Zile za matokeo zilikuwa safi, na grafu ya slaidi ya 15 ilikuwa nzuri hasa: mistari miwili tu, na kabla ya kueleza alisoma mhimili wa wima na wa mlalo. Kwa mtu aliyekuwa anakimbizwa na saa, hilo si dogo.

Muhtasari uliotumwa

Huu ndio ulimfikia, ukiwa umesomwa na mwenyekiti kwanza:

> Uliyofanya vizuri
>
> Swali la matundu ya mifuko (33:12) ulilijibu kwa kazi uliyoifanya kwa mikono yako, hatua kwa hatua, bila kubabaika. Maswali mengine yajibu hivyo hivyo: anza na ulichofanya, kisha ulichokiona.
>
> Grafu ya slaidi ya 15 (17:05): ulieleza mihimili kabla ya kueleza matokeo. Fanya hivyo kwa kila grafu.
>
> Ya lazima kwenye tasnifu, ndani ya mwezi mmoja
>
> Rudia uchambuzi ukihesabu kaya 24, si mifuko 72. Tumia wastani wa mifuko mitatu ya kila kaya. Huhitaji kukusanya data mpya. Kwenye mipaka ya utafiti, taja kwamba kaya ni chache. (Mtahini wa nje, 26:38, amethibitisha kwa maandishi.)
>
> Baada ya hapo, soma upya hitimisho. Kauli yoyote isiyosimama kwenye majedwali mapya iondoe, hasa ile ya tofauti kati ya vijiji viwili.
>
> Ongeza kwenye sura ya tatu namna ulivyokagua nailoni, kabla na baada. (Mtahini wa nje, mara baada ya jibu lako la 33:12.)
>
> Ushauri wa uwasilishaji, haudaiwi
>
> Usuli ulichukua dakika 11 kati ya 20, matokeo chini ya nne. Kasi, wasiwasi na mjadala mfupi vilianzia hapo. Slaidi tisa za usuli zifanye tatu.

Mstari wa "haudaiwi" uliniletea mabishano kidogo na mwenyekiti, aliyeona unalegeza kamba. Nilishikilia. Utetezi umekwisha, hatawasilisha tena mbele ya jopo hili, na hakuna atakayempima kwa hilo kwenye tasnifu iliyosahihishwa. Ukichanganya la lazima na la ushauri, mwanafunzi mwenye hofu hutumia wiki mbili kupamba slaidi ambazo hakuna atakayezifungua tena.

Neno la vijiji viwili nalo lina asili yake. "Hitimisho limepita kiasi" halikusema hitimisho lipi. Kwenye rekodi, 40:15, mtahini wa nje anamuuliza kwa nini anapendekeza kijiji kimoja kipewe kipaumbele cha mifuko. Hilo ndilo pendekezo pekee alilomhoji, basi ndilo nililolitaja.

Mwanafunzi alirudia hesabu. Tofauti kati ya mifuko ya kinga njaa na viroba ilibaki pale pale, imara. Tofauti ya vijiji, ile aliyoijengea aya mbili za hitimisho na pendekezo moja kwa halmashauri, ilitoweka. Alifuta aya zote mbili. Kwenye jedwali la marekebisho, lile la kuonyesha agizo, hatua na ukurasa, aliandika kwa mstari huo: "Imeondolewa, haisimami kwa kaya 24."

Simu yake niliipokea mara moja tu kabla hajawasilisha. Nilidhani ni ya takwimu. "Shikamoo mwalimu. Samahani, lile la kubana nailoni na kusikiliza kwa sikio," aliuliza, "naliandika hivyo hivyo kwamba ni kwa sikio?"

Marahaba, nikamwambia. Andika hivyo hivyo.